Wasifu mfupi wa mtu mwenye jina la wengi

Miaka kadhaa iliyopita nilikabidhiwa rasimu ya tasnifu niisome. Mwanafunzi alikuwa amejenga sura nzima juu ya hoja moja: kwamba mtazamo wa mwandishi mmoja wa Zanzibar ulibadilika sana kati ya riwaya ya *Kiu*, iliyotoka mwaka 1972, na riwaya ya *Utengano*, iliyotoka mwaka 1980. Hoja ilikuwa na ushahidi, mifano ilichaguliwa vizuri, na sentensi zilipangika. Kasoro yake ilikuwa moja tu. *Kiu* ni ya Mohamed Suleiman Mohamed, na *Utengano* ni ya Said Ahmed Mohamed. Mabadiliko aliyoyaeleza yalikuwa tofauti baina ya watu wawili.

Nilipofungua orodha ya marejeleo nikaona chanzo. Vitabu vyote viwili viliingizwa kwa jina «Mohamed, S.». Kwa yule wa pili, S ni Said. Kwa yule wa kwanza, S ni Suleiman, jina la katikati, lililopanda mbele baada ya Mohamed wa mwanzo kudhaniwa kuwa amerudiwa kwa makosa. Mwanafunzi hakuwa mvivu. Alinakili tu alichokikuta kwenye karatasi za wengine, na hakuna mahali alipokutana na sentensi moja fupi ya kumwambia kuwa hawa ni wawili.

Sentensi hiyo fupi ndiyo mada ya makala haya. Lugha yetu ina neno zuri kwa mtu anayeshiriki jina na mwingine: *somo*, au *wajina*. (Husemwa *somo yangu*, kwa kufuata mtindo wa *baba yangu* na *rafiki yangu*, ingawa *somo wangu* pia husikika.) Mwenye masomo wengi anapoandika wasifu mfupi, ule wa sentensi tatu au nne unaokaa jaladani au chini ya makala, anakabiliwa na kazi ambayo mwenye jina adimu hana. M. M. Mulokozi au F. E. M. K. Senkoro akiandika jina lake, jina limeshamaliza kazi ya utambulisho kabla wasifu haujaanza. Mwenye kuitwa Juma Ali au Fatuma Said ameandika jina na bado hajatambulika.

Tuanze na herufi ya mwanzo, kwa kuwa ndiyo dawa ya kwanza inayopendekezwa na wahariri: «Weka herufi ya jina la baba katikati.» Ushauri huu umezaliwa katika jamii ambazo majina ya katikati ni mengi na herufi zake zimetawanyika. Kwetu mwambao, na popote majina ya asili ya Kiarabu yalipoenea, hali si hiyo. Chukua herufi S uone wanaoigombea: Said, Salim, Salum, Saleh, Suleiman, Seif, Shaaban. Chukua A: Ali, Ahmed, Abdalla, Abdulrahman, Athumani, na kwa wanawake Asha, Amina, Aisha. M inabebwa na Mohamed peke yake kiasi cha kutosha, kabla hujahesabu Mussa, Mwinyi, Mariamu na Mwanaisha. Ukiongeza S katikati ya jina la kawaida, umepunguza masomo wako kwa kiasi kidogo tu, na pengine hujapunguza yule hasa aliye karibu nawe.

Wazanzibari wetu ni mfano bora. Kuna wa tatu niliyekuwa sijamtaja: Mohamed Said Abdulla, baba wa hadithi za upelelezi za Bwana Msa, aliyetoa *Mzimu wa Watu wa Kale* mwaka 1960. Fupisha majina mawili ya mwanzo, naye ni M. S. Abdulla. Fupisha ya mwandishi wa *Kiu*, naye ni M. S. Mohamed. Herufi ni zilezile, ingawa S ya mmoja ni Said na ya mwingine ni Suleiman. Hapo ongeza tofauti za tahajia, kwani katalogi humwandika mtu yuleyule Mohamed, Mohammed au Muhammed kwa kadiri ya mkono wa aliyeandika. Kisha kuna Mohamed Said, mwanahistoria wa Dar es Salaam aliyeandika juu ya maisha ya Abdulwahid Sykes. Jina lake lote zima limo ndani ya jina la mwandishi wa Bwana Msa. Anayetafuta maneno hayo mawili hupata vitabu vya wote wawili katika rundo moja.

Kwa hiyo herufi ina faida pale tu jina la mwisho au jina la katikati ni adimu. Kabla hujaichagua, andika majina yako yote matatu au manne uone ni lipi ambalo watu wachache wanalo. Ikiwa babu yako aliitwa Makame na baba yako aliitwa Ali, basi ni heri uandike Makame kwa ukamilifu kuliko kuweka A katikati. Ukishaichagua herufi, usiibadilishe. Amina H. Salum, A. H. Salum na Amina Hamadi Salum ni mtu mmoja kwa jirani yake, lakini katika orodha ya maktaba wanaweza kuwa watatu. (Jina hili nalitunga kwa ajili ya mfano tu, nasi tutalitumia mpaka mwisho.)

Herufi ina gharama nyingine ambayo watafsiri wanaijua kuliko waandishi. Kiswahili hakitofautishi jinsia katika kitenzi wala katika kiwakilishi: *anafundisha*, *alizaliwa*, *yeye* ni sawa kwa mwanamume na mwanamke. Wasifu wa «A. H. Salum» unaweza kusomwa kuanzia mwanzo hadi mwisho bila msomaji kujua kama ni Amina au Ali. Kwa Kiswahili hilo si tatizo. Lakini mtafsiri anayeupeleka Kiingereza au Kifaransa analazimika kuchagua, na asiyejua hubahatisha. Nimeona mwanamke akigeuzwa mwanamume katika kipeperushi cha mkutano kwa sababu hiyo tu. Ikiwa jambo hilo lina uzito kwako, liandike jina la kwanza kikamilifu. Na ikiwa jina lenyewe hupewa wa kike na wa kiume, kama Amani au Furaha, basi *Bi.* au *Bw.* mara moja itamtosha mtafsiri.

Mji ni dawa ya kale zaidi kwetu kuliko herufi. Nisba za Kiarabu zimewatenga masheikh na washairi kwa ukoo na kwa mahali tangu karne nyingi, na Kiswahili chenyewe kina *wa* ya unganifu. Diwani ya Ahmad Nassir iliyotoka mwaka 1971 inaitwa *Malenga wa Mvita*, na Mvita ni jina la kale la Mombasa. Maneno mawili, fani na mji, yakawa lakabu inayomtambulisha mtu mpaka leo.

Lakini *wa* ni kiunganifu kisichosema uhusiano ni upi. «Amina Salum wa Tanga» huenda alizaliwa Tanga akahamia kwingine, huenda anaishi Tanga na kwao ni Lindi, au huenda anafanya kazi huko kwa mkataba wa miaka miwili. Katika mazungumzo hakuna anayejali. Katika wasifu, mtu wa mbali anautumia mji kama ufunguo, na ufunguo usiojulikana ni wa mlango gani haufungui. Tunayo maneno ya kuondoa utata huo, nayo ni mafupi: *mzaliwa wa Tanga*, *mkazi wa Tanga*, *anafanya kazi mjini Tanga*. Kati ya haya, napendelea *mzaliwa wa* kwa mtu ambaye angali akihama, maana mahali pa kuzaliwa hapabadiliki. *Mkazi wa* hudai kusahihishwa kila uhamapo, na wasifu uliokwisha kuchapwa hausahihishwi.

Angalia pia ukubwa wa mahali. Tanga ni jiji na ni mkoa. Ukisema *mjini Tanga* umetenga. Majengo haitengi chochote, kwa kuwa pana Majengo Mombasa, Nairobi, Moshi na kwingineko. Mtaa unafaa tu ukifuatwa na mji wake. Na mji mkubwa mno haufai kabisa: mwenye kuitwa Juma Ali akiandika «wa Dar es Salaam» amesema karibu na bure.

Bado mji unaweza kushindwa hata pale unapoandikwa vizuri. Mombasa ilikuwa na akina Bhalo wawili mashuhuri: Ahmad Nassir Juma Bhalo, mshairi niliyemtaja, na Mohamed Khamis Juma Bhalo, mwimbaji wa taarabu aliyefariki mwaka 2014. Jina la mwisho moja, mji mmoja, na sifa kubwa kwa wote wawili. Kinachowatenga ni fani: *mshairi* na *mwimbaji wa taarabu*. Hata hapo fani haziko mbali, maana taarabu ni mashairi yanayoimbwa, na anayeandika «msanii Bhalo wa Mombasa» amewaunganisha tena wawili waliokwisha kutengwa. Kwa wale Wazanzibari watatu mambo ni kinyume: mji hausaidii, na neno *mwandishi wa riwaya* halisaidii. Hapo inabidi kushuka ngazi moja chini katika fani, *mwandishi wa riwaya za upelelezi*, ambalo linamtenga Abdulla. Na kwa wawili waliosalia hakuna kinachotenga isipokuwa jina la kitabu.

Hapa ndipo kanuni ninayoitumia inapotoka. Huandiki wasifu ili ujitenge na watu wote. Unajitenga na somo yako aliye karibu zaidi. Kwanza mjue ni nani. Tafuta jina lako mtandaoni likiwa ndani ya alama za kunukuu, pamoja na neno la fani yako:

```
"Amina Salum" mfasiri
"Amina Salum" mwalimu
"Amina Salum" Tanga
```

Utafutaji unaoleta mtu mwingine unakuonyesha neno lisilokutenga. Tuseme neno *mwalimu* limeleta wengi, *Tanga* limeleta mwanamke mwingine aliye mwanasheria, na *mfasiri* halikuleta mwingine. Basi neno lako ni *mfasiri*, na mji uwe wa kuongezea. Tuseme tena wasifu aliokuwa ameandika ulikuwa huu:

«Amina Salum ni mwalimu mwenye uzoefu wa muda mrefu na mpenzi mkubwa wa lugha ya Kiswahili. Ameshiriki katika makongamano mengi. Anaishi Tanga na familia yake.»

Kila sentensi ni kweli, na hakuna hata moja inayomhusu yeye peke yake. Kipimo changu ni kuliondoa jina na kumpa mfanyakazi mwenzake maneno yaliyobaki. Hapo angeweza kuwataja watu ishirini. Sasa tazama huu:

«Amina Makame Salum ni mfasiri wa hati za mahakama, kutoka Kiingereza hadi Kiswahili. Mzaliwa wa Pangani, anafanya kazi mjini Tanga, ambako hufundisha pia Kiswahili katika shule ya sekondari. Makala yake ya awali yalitoka kwa jina la A. H. Salum.»

Wa pili si mrefu sana kuliko wa kwanza. Jina adimu la babu limechukua nafasi ya herufi. Fani imetajwa kwa kipimo chake halisi, si *mfasiri* tu bali *mfasiri wa hati za mahakama*. Pangani ni mji mdogo, kwa hiyo una nguvu ya kutenga ambayo Tanga haina. Ualimu haukufutwa, umeshushwa mahali pasipotegemewa. Na zaidi ya yote, kinachotenga kimo katika sentensi ya kwanza. Katalogi, orodha za wazungumzaji na kurasa za mtandaoni hukata wasifu baada ya mstari mmoja au miwili. Kilichoachwa sentensi ya tatu hakifiki.

Ile sentensi ya mwisho, ya jina la awali, inahitaji maelezo, kwa sababu inazuia kosa la pili ambalo watu hulisahau. Kosa la kwanza ni wawili kufanywa mmoja, kama katika ile tasnifu. La pili ni mmoja kufanywa wawili. Said Ahmed Mohamed ametoa riwaya, tamthilia na mashairi kwa jina hilo. Makala yake ya kitaaluma ya Kiingereza, yakiwamo aliyoyaandika alipokuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Bayreuth, Ujerumani, huonekana kwa jina la Said A. M. Khamis. Khamis ni jina lake halali, la nne, na kwa mtu aliyezungukwa na akina Mohamed hiyo ni tofauti yenye manufaa. Lakini wapo wasomaji wa *Asali Chungu* ambao hawajui kuwa mhakiki wanayemnukuu katika ukurasa wa pili ni mwandishi yuleyule wanayemchambua, na wanamnukuu kama shahidi wa nje. Kila anayeongeza, kupunguza au kubadili jina, wakiwamo wanawake wanaochukua jina la mume baada ya kuchapisha kwa jina la baba, anahitaji daraja la maneno machache: *ambaye riwaya zake hutoka kwa jina la*, au *aliyewahi kuandika kwa jina la*.

Kuna mambo mawili ya sarufi yanayoamua kama kitambulishi kitafanya kazi. La kwanza ni mkato. «Amina Salum aliyefasiri hati hizo yuko Tanga» na «Amina Salum, aliyefasiri hati hizo, yuko Tanga» si sentensi moja. Bila mkato, kishazi rejeshi kinachagua: wapo akina Amina Salum, nasi tunamtaka yule aliyefasiri. Kwa mikato miwili, kishazi kinatoa habari za ziada juu ya mtu ambaye msomaji ameshamjua. Mwenye jina la wengi anayefungia kitambulishi chake ndani ya mikato amekigeuza pambo. Ni salama zaidi kukifanya kiarifu, kwa kutumia *ni*: «Amina Makame Salum ni mfasiri wa…». Kiarifu hakiwezi kurukwa.

La pili ni cheo. *Dkt.* mbele ya jina haielezi kama mtu ni tabibu au mwenye shahada ya uzamivu, na masomo wawili, mmoja wa hospitali na mmoja wa chuo, watachanganyika kwa sababu ya kifupisho hichohicho kilichotarajiwa kuwatenga. Sema *daktari wa watoto* au *mhadhiri wa isimu*, na kifupisho kikae au kisikae. Neno la fani likitangulia jina, kama katika *mshairi Ahmad Nassir*, huwa karibu na cheo na hushikamana na jina kila linapotajwa. Hiyo ni njia nzuri kwa neno moja. Likiwa kundi la maneno, liweke baada ya jina.

Watu huniuliza kama waandike «asichanganywe na fulani». Fomula hiyo ni ya mhariri wa kamusi elezo au wa katalogi, na hapo ina mahali pake. Ndani ya wasifu wako mwenyewe inamleta mtu wa pili katika ukurasa ambao ungekuwa wako, na msomaji huondoka akiwa na majina mawili kichwani badala ya moja. Hali pekee ninayoikubali ni pale masomo wawili wanapoandika katika jarida moja au wanapofanya kazi katika idara moja; hapo mhariri aweke tanbihi, kwa kuwa yeye hana upande.

Kwa watafiti ipo pia namba ya ORCID, iliyoanza kutolewa mwaka 2012, yenye tarakimu 16, ambapo ya mwisho huweza kuwa herufi X. Mashine zinaitumia kuwatenga akina Mohamed wote bila kuchoka. Iweke mwishoni mwa wasifu, kwenye mstari wake, na uinakili kutoka kwenye akaunti yako badala ya kuiandika kwa kumbukumbu, kwani tarakimu moja ikikosewa kiungo hakimfikishi msomaji kwako. Haiwezi kuchukua nafasi ya sentensi ya kwanza, kwa kuwa hakuna binadamu anayemkumbuka mwenzake kwa tarakimu 16.

Mwanafunzi wangu aliiandika upya ile sura. Hoja ya mabadiliko ya mtazamo ilikufa, lakini linganisho la waandishi wawili wa kisiwani walioandika katika muongo mmoja lilimpa kurasa bora kuliko zile za kwanza. Katika orodha yake mpya ya marejeleo aliyaandika majina yote kwa ukamilifu, Mohamed Suleiman Mohamed na Said Ahmed Mohamed, ingawa mwongozo wa idara ulidai herufi tu. Msimamizi wake alimtaka ayafupishe. Nilimwandikia msimamizi barua ya mistari mitatu, na majina yakabaki kama yalivyo.